Wastani wa majirani wanne: jinsi ya kukadiria potenshali ndani ya eneo lenye mipaka ya volti maalumu

Fikiria mfereji mrefu wa bati ambao ukiukata unaona umbo la mraba. Kifuniko chake kimetenganishwa na kuta kwa vipande vyembamba vya plastiki, nacho kimeunganishwa kwenye volti 100. Kuta mbili na sakafu zimeunganishwa ardhini, yaani ziko kwenye volti 0. Ndani ni hewa tupu, hakuna chaji. Je, nukta iliyo katikati kabisa ina volti ngapi? Na ile iliyo robo ya kina kutoka kifunikoni?

Kwa umbo hili rahisi wanahisabati wana fomula ya mfululizo wa sin. Lakini pinda ukuta mmoja, au simamisha kipande cha bati ndani, na fomula hiyo haikufai tena. Njia nitakayoieleza hapa haijali umbo. Inataka kujumlisha namba nne na kugawanya kwa nne, kisha kurudia. Kazi yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kujua ni lini umeshafika ndiko kugumu, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

## Kwa nini wastani?

Chora gridi ya miraba midogo juu ya eneo lako. Sasa chukulia kwamba kila mstari mfupi unaounganisha nukta mbili jirani ni rezista, na rezista zote zinalingana. Nukta moja ya ndani yenye potenshali V inashikana na majirani wanne: wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. Kanuni ya Kirchhoff inasema mkondo unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka. Kwa kuwa rezista zote ni sawa, tunaweza kuandika:

```
(Vjuu - V) + (Vchini - V) + (Vkushoto - V) + (Vkulia - V) = 0
V = (Vjuu + Vchini + Vkushoto + Vkulia) / 4
```

Ndani ya hewa hakuna mkondo unaopita, lakini hesabu haibadiliki: mistari ya uga wa umeme inayoingia kwenye eneo lisilo na chaji lazima itoke yote, kama mkondo kwenye kiungo. Hii ndiyo mlinganyo wa Laplace ukiandikwa kwa lugha ya gridi. Ishike vizuri picha hii ya wavu wa rezista, maana tutairudia tutakapofika kwenye kingo zisizo na volti maalumu.

Kutokana na fomula hiyo unapata kipimo cha kwanza cha kugundua makosa. Wastani wa namba nne hauwezi kuzidi iliyo kubwa kuliko zote wala kupungua chini ya iliyo ndogo. Kwa hiyo hakuna nukta ya ndani inayoweza kuwa juu ya volti 100 au chini ya 0. Jibu lako la mwisho likionyesha 103 au -2 mahali popote, usitafute maelezo ya kifizikia. Kuna kosa kwenye fomula au kwenye mpaka.

## Hatua ya kwanza: nukta tisa kwa kalamu

Kabla ya kugusa kompyuta, fanya gridi ndogo kwa mkono. Gawanya kila upande wa mraba katika sehemu 4. Utapata nukta 5 kwa 5, na tisa kati yake ziko ndani. Nitazipa majina ya seli za lahajedwali ili baadaye uhamie huko bila usumbufu: safu mlalo ya 1 ni kifuniko, safu wima A na E ni kuta, safu mlalo ya 5 ni sakafu. Nukta za ndani ni B2 hadi D4, na ya katikati ni C3.

Jaza kifuniko 100 na mpaka mwingine wote 0. Pembe mbili za juu hazitumiki na nukta yoyote ya ndani, kwa hiyo ukiandika 100, 0 au 50 pale, jibu halibadiliki. Nukta tisa za ndani zianze na 0.

Sasa pita kutoka kushoto kwenda kulia, safu baada ya safu, na kila namba mpya uitumie papo hapo kwa nukta inayofuata. B2 inapata (100 + 0 + 0 + 0)/4 = 25. C2 inapata (100 + 25 + 0 + 0)/4 = 31.25. D2 inapata (100 + 31.25 + 0 + 0)/4 = 32.8125. Ukiendelea hivyo, mwisho wa raundi ya kwanza unakuwa na:

```
25.00   31.25   32.81
 6.25    9.38   10.55
 1.56    2.73    3.32
```

Angalia kwamba upande wa kulia una namba kubwa kuliko wa kushoto, ingawa mfereji wetu una ulinganifu kamili. Usishtuke. Hiyo ni alama ya njia tuliyopitia: tulitembea kutoka kushoto, kwa hiyo habari za kifuniko zilisukumwa kuelekea kulia. Raundi zikiongezeka tofauti hiyo inafifia. Isipofifia, kuna fomula moja uliyoikosea, na ulinganifu umekusaidia kuigundua.

Rudia raundi ya pili, ya tatu na ya nne, huku ukifuatilia C3 peke yake: 9.375, kisha 17.1875, kisha 21.09375, kisha 23.046875. Jibu la mwisho la nukta hii ni 25 kamili. Toa kila namba kwenye 25 na unapata kosa lililobaki: 15.625, 7.8125, 3.90625, 1.953125. Kila raundi inakata kosa nusu. Ukifanya raundi kumi zaidi, gridi nzima inatulia hapa:

```
42.86   52.68   42.86
18.75   25.00   18.75
 7.14    9.82    7.14
```

Kwa nini katikati ni 25 kamili? Chukua mifereji minne iliyo sawa, kila mmoja ukiwa na upande tofauti wenye volti 100, kisha ujumlishe potenshali zake. Jumla yake ni mfereji ambao pande zote nne ziko kwenye volti 100, na ndani yake kila mahali ni 100. Katikati, kila mfereji umechangia sawa na mwenzake, kwa hiyo kila mmoja ametoa 25. Hoja hii haihitaji hesabu yoyote ya gridi.

## Hatua ya pili: lahajedwali

Andika mpaka kwenye A1 hadi E5 kama ulivyofanya kwenye karatasi. Seli G1 iwe swichi. Kisha kwenye B2 andika fomula hii, na uiburute hadi D4:

```
=IF($G$1=0,0,(B1+B3+A2+C2)/4)
```

Programu italalamika kwamba seli zinategemeana kwa mzunguko. Ni kweli zinategemeana, na ndivyo tunavyotaka. Kwenye Excel nenda `File > Options > Formulas`, weka alama kwenye `Enable iterative calculation`. Kwenye Google Sheets iko `File > Settings > Calculation`. Weka 0 kwenye G1 ili kila kitu kianze upya, kisha weka 1 ili hesabu ianze kuzunguka.

Swichi hiyo usiiache ukidhani ni pambo. Siku nilipojenga gridi yangu ya kwanza bila swichi, niliandika herufi kwa bahati mbaya kwenye seli moja ya mpaka. Kosa `#VALUE!` likaenea gridi nzima, na nilipoirekebisha seli ile, gridi haikupona: kila seli ilikuwa inasoma kosa kutoka kwa jirani yake, na jirani naye anasoma kutoka kwake. Nilifuta fomula zote na kuanza tena. Kwa swichi, 0 moja tu inasafisha uwanja.

Jambo jingine la kujua kuhusu Excel: isipobadilishwa, inafanya raundi zisizozidi 100, na inasimama mapema zaidi ikiwa hakuna seli iliyobadilika kwa zaidi ya 0.001. Kwa nukta tisa hiyo inatosha na kubaki. Kwa gridi kubwa haitoshi hata kidogo, na programu haitakuambia. Itaonyesha namba nzuri zenye desimali nyingi, zimetulia tuli kwenye skrini. Bonyeza `F9` ili ifanye raundi 100 nyingine, na uone kama zinasogea.

## Makosa mawili, na lipi unalipunguza

Hapa watu wengi, nami nikiwamo kwa muda mrefu, huchanganya mambo mawili. Kuna kosa la raundi, yaani umbali kati ya namba ulizo nazo sasa na jibu kamili la gridi yako. Na kuna kosa la gridi, yaani umbali kati ya jibu kamili la gridi yako na ukweli wa mfereji wenyewe. Raundi nyingi zinaondoa la kwanza tu. Ukirudia mara milioni kwenye nukta tisa, C2 itabaki 52.68.

Ukweli wa C2, kwa fomula ya mfululizo, ni volti 54.05. Kwa hiyo gridi yetu ndogo imekosea kwa 1.37 hata baada ya kutulia kabisa. Gawanya kila upande katika sehemu 8 badala ya 4, na nukta ile ile (katikati kwa upana, robo ya kina kutoka kifunikoni) inatoa 53.61. Kwa sehemu 16 inatoa 53.93. Makosa yanakwenda 1.37, 0.44, 0.12. Ukiipunguza miraba kwa nusu, kosa la gridi linakaribia kushuka hadi robo yake, na linakaribia robo kamili zaidi kadiri gridi inavyokuwa laini.

Mwenendo huo unakupa zana hata pale ambapo hujui ukweli, na katika kazi halisi hutakuwa unaujua. Fanya gridi mbili, moja ikiwa laini mara mbili ya nyingine. Zidisha jibu la gridi laini kwa 4, toa jibu la gridi pana, gawanya kwa 3. Kwa namba zetu: (4 × 53.93 − 53.61)/3 = 54.04. Tumefika karibu sana na 54.05 bila kugusa gridi ya tatu. Na tofauti kati ya 54.04 na 53.93 inakuambia takribani ni kosa kiasi gani lilikuwa kwenye gridi laini.

Sasa rudi kwenye C3, nukta ya katikati. Kwa gridi ya sehemu 4, ya 8 au ya 16, inatoa 25.00 kila mara, kwa sababu hoja ya mifereji minne inafanya kazi kwenye gridi yoyote yenye ulinganifu. Ndiyo maana ni shahidi mzuri wa fomula na shahidi mbovu wa ulaini. Nimeona ripoti za maabara zinazosema "gridi yetu ina usahihi wa asilimia 100 kwa kuwa katikati tumepata 25", huku nukta za karibu na kifuniko zikiwa zimepotoka kwa zaidi ya volti moja. Chagua nukta ya kupimia ambayo ulinganifu hauibebi.

## Hatua ya tatu: gridi kubwa na mtego wa kutulia

Tuseme umegawanya kila upande katika sehemu 40. Nukta za ndani sasa ni 1,521. Tabia ya "kosa linakatika nusu" inapotea. Habari za mpakani husafiri polepole kupitia majirani, na njia tuliyoitumia, inayoitwa Gauss-Seidel, inapunguza kosa kwa kuzidisha na 0.9938 tu kila raundi. Yaani kila raundi inaondoa kama asilimia 0.6 ya kosa lililobaki. Baada ya raundi 100 za Excel, zaidi ya nusu ya sehemu sugu ya kosa bado ipo. Kulipunguza mara 1,000 kunahitaji raundi zipatazo 1,100.

Mtego uko kwenye sharti la kusimama. Mtu anasema: nitasimama mabadiliko ya raundi moja yakiwa chini ya volti 0.01. Inaonekana ni uangalifu. Lakini kama kila raundi inasogeza asilimia 0.6 ya safari iliyobaki, basi ukisogea 0.01 safari iliyobaki ni kama mara 160 ya hiyo: zaidi ya volti 1.6. Namba zinaonekana zimetulia kwa sababu zinatambaa.

Kuna njia mbili za kujua ukweli, na ninakushauri uzitumie zote.

Ya kwanza ni kuandika badiliko kubwa la kila raundi na kugawanya badiliko la raundi hii kwa la raundi iliyopita. Uwiano huo uite r. Ukishatulia, kosa lililobaki ni takribani badiliko la mwisho mara r/(1 − r). Ukiona 0.01000 halafu 0.00994, r ni 0.994, na r/(1 − r) ni karibu 166. Zidisha na utaona volti 1.65 bado ziko njiani. Kwa nukta tisa, r ilikuwa 0.5, na r/(1 − r) ni 1, ndiyo sababu kule kusimama kwa badiliko dogo hakukutuumiza.

Ya pili naipenda zaidi kwa sababu haihitaji uaminifu wowote kwa fomula. Fanya hesabu mara mbili: mara moja nukta zote za ndani zikianza na 0, mara nyingine zikianza na 100. Wastani haupindui mpangilio: anayeanza chini anapanda raundi baada ya raundi bila kulivuka jibu, na anayeanza juu anashuka bila kulivuka. Jibu la gridi limebanwa katikati yao. Tofauti kati ya hizo mbili ikiwa volti 0.05 kwenye nukta unayoijali, unajua kwa hakika kosa la raundi halizidi hapo.

## Kuharakisha

Mwaka 1910 Lewis Fry Richardson alitumia hesabu za kurudia za aina hii, zikifanywa na watu kwa mkono, kukadiria mikazo ndani ya ukuta wa bwawa la mawe. Kwa watu wa namna hiyo raundi 1,000 hazikuwa suala la kusubiri sekunde chache. Dawa kubwa ilikuja mwaka 1950, katika tasnifu ya David Young huko Harvard na katika kazi ya Stanley Frankel, kila mmoja kivyake. Wazo ni hili: kama nukta inatambaa kila mara kuelekea upande ule ule, usiisogeze hadi kwenye wastani tu, ipeleke mbele zaidi. Badala ya kuongeza d, yaani tofauti kati ya wastani na thamani ya sasa, ongeza w × d, ambapo w iko kati ya 1 na 2.

Kwa mraba wenye sehemu N kila upande na mpaka wote wenye volti maalumu, w iliyo bora ni 2/(1 + sin(π/N)), pembe ikiwa katika radiani. Kwa N = 40 ni karibu 1.85. Raundi 1,100 zinashuka hadi chini ya 100. Msimbo mzima ni huu:

```python
import numpy as np
N = 40
V = np.zeros((N+1, N+1))
fix = np.zeros(V.shape, bool)
fix[0,:] = fix[-1,:] = fix[:,0] = fix[:,-1] = True
V[0,:] = 100.0
w = 2 / (1 + np.sin(np.pi/N))
for r in range(5000):
    big = 0.0
    for i in range(1, N):
        for j in range(1, N):
            if fix[i,j]:
                continue
            d = (V[i-1,j]+V[i+1,j]+V[i,j-1]+V[i,j+1])/4 - V[i,j]
            V[i,j] += w*d
            big = max(big, abs(d))
    if big < 1e-6:
        break
print(r+1, V[N//4, N//2])
```

Nukta yetu ya majaribio inatoka 54.03. Jedwali `fix` ndilo linaloifanya njia hii isijali umbo. Ukitaka kusimamisha kibao cha bati chenye volti 50 ndani ya mfereji, ongeza mistari miwili kabla ya kitanzi kuanza:

```python
V[15:26, 20] = 50.0
fix[15:26, 20] = True
```

Kwa umbo jipya fomula ya w haitoi tena thamani iliyo bora kabisa, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Usifike 2: hapo kosa halitaondoka kamwe, na ukivuka 2 namba zinalipuka. Na kumbuka kwamba jaribio la kuanza na 0 na kuanza na 100 linafaa tu pale w isipozidi 1. Ukizidisha, namba zinaweza kulivuka jibu kisha kurudi, kwa hiyo hazikubani tena kutoka pande mbili.

## Kingo zisizoshikwa na volti yoyote

Katika maabara nyingi jaribio hili hufanywa kwa karatasi nyeusi inayopitisha umeme kidogo. Mistari miwili ya rangi ya fedha huchorwa kama elektrodi, moja kwenye volti 100 au, mara nyingi zaidi, volti chache tu, nyingine kwenye 0, na mwanafunzi hutembeza ncha ya voltimita juu ya karatasi. Kisha analinganisha na hesabu, na hesabu inakataa kabisa kuoana na vipimo. Mara nyingi sababu ni kwamba aliweka 0 kwenye kingo zote ambazo hazina elektrodi.

Ukingo mtupu wa karatasi hauna volti 0. Ni mahali ambapo mkondo hauwezi kuvuka. Rudi kwenye wavu wa rezista. Nukta iliyo ukingoni haina jirani upande wa nje. Rezista zinazopita juu ya ukingo wenyewe zinawakilisha kipande cha karatasi chenye upana nusu tu, kwa hiyo ukinzani wake ni mara mbili. Andika kanuni ya Kirchhoff upya na utapata kwamba jirani wa ndani anahesabiwa mara mbili. Kwa ukingo wa kushoto kwenye lahajedwali yetu, A3 inakuwa:

```
=IF($G$1=0,0,(A2+A4+2*B3)/4)
```

Ifanye hivyo kwa A2 hadi A4, na E2 hadi E4 zikitumia safu wima D badala ya B. Sasa pembe za juu zinatumika, kwa hiyo A1 na E1 lazima ziwe 100, na A5 na E5 ziwe 0. Jibu unaweza kulijua kabla ya kuanza: potenshali inashuka sawasawa kutoka juu hadi chini, 75, 50, 25, na safu mlalo nzima ina namba moja. Katikati ni volti 50, ilhali kwenye mfereji wenye kuta za 0 ilikuwa 25. Hiyo ndiyo tofauti inayowapotezea watu siku nzima ya maabara.

## Unapotaka uga wa umeme

Uga ni mteremko wa potenshali. Kwa nukta ya ndani, sehemu ya wima ya uga unaipata kwa kutoa volti ya jirani wa chini kwenye ya jirani wa juu, kisha kugawanya kwa mara mbili ya urefu wa mraba mmoja. Kama mfereji una upana wa sentimita 20 na gridi ya sehemu 4, kila mraba ni sentimita 5. Kwenye C3, tofauti kati ya C2 na C4 ni 52.68 − 9.82 = 42.86, ukigawanya kwa mita 0.10 unapata karibu volti 429 kwa mita, ukielekea chini, kutoka kifuniko hadi sakafu. Fahamu kwamba kutoa namba mbili kunaongeza uzito wa makosa yake. Potenshali inayotosha kuchora mistari ya volti sawa inaweza isitoshe kwa uga.

Gridi ya bapa kama hii pia ina dhana iliyojificha: kila kitu kinaendelea bila mwisho kuingia ndani ya karatasi. Nukta moja uliyoishika kwenye volti 50 si mpira mdogo, ni waya mrefu. Ukitaka mpira lazima uingie kwenye gridi ya pande tatu, ambako majirani ni sita na unagawanya kwa 6.

Na kuna mahali ambapo gridi haitatulia hata uilainishe vipi: pembe za juu, pale kifuniko cha 100 kinapokutana na ukuta wa 0. Nukta ya kwanza ya mshazari kutoka pembeni ilikuwa 42.86 kwenye gridi yetu ndogo, na kadiri miraba inavyopungua inakaribia 50. Maana yake, kushuka kwa volti kati ya kifuniko na nukta hiyo kunabaki karibu 50, huku umbali ukikatwa nusu kila mara. Uga unakaribia kuongezeka maradufu kila unapolainisha gridi. Ukiona namba inayofanya hivyo, jua tatizo limo kwenye swali: tumedai volti zipande kutoka 0 hadi 100 ndani ya nafasi isiyo na upana. Mfereji halisi una kile kipande cha plastiki. Pima unene wake, tuseme milimita 5 juu kabisa ya kila ukuta, fanya miraba iwe midogo kuliko hapo, na kwenye urefu huo wa ukuta panga volti zishuke hatua kwa hatua kutoka 100 hadi 0. Hapo uga wa pembeni nao utaanza kutulia.